Shajara ya mradi: hotuba ya robo saa kwenye kikoba chetu kuhusu hela ya mtandaoni

Naiandika kwa ajili ya yeyote atakayeambiwa na kikundi chake "tuandalie maneno kidogo kuhusu haya mambo ya mtandao". Nitakuwa naongeza kila hatua ikikamilika. Gharama zote nimeziweka, na makosa yangu nimeyapa nafasi kubwa kuliko mafanikio, maana huko ndiko nilikojifunza.

Jumamosi, 3 Mei 2025. Kazi inaniangukia

Kikoba chetu kipo Muheza, mkoani Tanga. Tuko wanachama 30, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Hisa ni 5,000, na kwa kikao kimoja mtu ananunua moja hadi tano. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja.

Leo wanachama wawili wameomba mkopo wa 200,000 kila mmoja, na wote wamejaza "biashara ya mtandao". Kamati ikauliza biashara gani. Wa kwanza akajibu kwamba unajiunga, unalipia daraja, halafu kila siku unatazama matangazo na hela inaongezeka yenyewe. Wa pili akasema yake ni hiyo hiyo, aliyemwingiza ni huyo wa kwanza. Kamati ikakataa. Maneno yakawa mengi, mmoja akasema kikoba kinawabania vijana, mwingine akasema vijana wanataka kutumaliza. Hapo mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, wewe ndiye unayeshinda kwenye simu. Tuandalie hotuba, utuambie ipi ni hela na ipi ni mtego. Tunakupa robo saa, baada ya marejesho."

Nafundisha hisabati sekondari. Niliona robo saa ni nyingi.

Jumamosi, 10 Mei. Rasimu ya kwanza, imekufa

Nimeandika kurasa sita na kumsomea mke wangu jikoni huku anachambua mchicha. Dakika 34. Nilikuwa nimejaza kila kitu: kutafsiri, kunakili sauti kuwa maandishi, kuuza picha, kufundisha Kiswahili wageni kwa video, soko la kazi la Fiverr na kwamba linakata asilimia 20 ya kila malipo ya mfanyakazi. Yote ni kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Sasa mama wa kitochi anafanya nini hapo?"

Nikachukua daftari la mahudhurio nikahesabu ninaowafahamu. Wenye simu janja ni 17, wa kitochi 13. Katika wale 17, wanaoweza kuandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza hawafiki watano. Kwa hiyo kurasa nne kati ya sita zilikuwa za watu ambao hawatakuwepo chini ya mwembe ule.

Nimezitupa. Nilikuwa nimeshatoa nakala 30 za muhtasari kwa shilingi 100 kila moja. Hizo 3,000 zimepotea, na karatasi zake watoto wanachorea.

Nimebakiza mambo mawili tu. La kwanza, namna ya kuutambua mtego kabla hujatuma hela. La pili, kazi moja ya mtandaoni ambayo mwenzetu anaifanya hapa hapa, na mahesabu yake yakiwa wazi. Kuna dada kwenye kikoba anasaga viungo vya pilau na kuviuza kwa WhatsApp. Nimemwomba daftari lake. Amekubali, lakini amecheka: "Mwalimu, ukiliona utanihurumia."

Jumamosi, 17 Mei. Kosa la chapati

Rasimu ya pili ina dakika 16. Nimeisomea kamati kabla ya kikao ili wanikosoe, na wamenikosoa kweli.

Ili kuonyesha mtego unavyofanya kazi nilitumia kisa cha kweli cha mwanachama mwenzetu. Jina sikulitaja. Nilisema tu "mama mmoja anayeuza chapati". Mweka hazina akainua mkono: "Mwalimu, hapa wauza chapati ni wangapi?" Ni mmoja. Ningesimama mbele ya watu 30 nikamvua nguo mtu aliyenieleza shida yake faragha.

Jioni nikaenda kwake kumwomba radhi kwa kosa ambalo hata hakujua kwamba nilikaribia kulifanya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kama hadithi hiyo itasemwa ataisema mwenyewe, dakika mbili, kwa mdomo wake. Hili ndilo badiliko bora kuliko yote katika mradi huu. Kama kikundini kwenu yupo aliyetapeliwa, usimsimulie. Muulize kama angependa kusema mwenyewe, na akikataa liishie hapo.

Kisa chenyewe, kama alivyoniruhusu kukiandika: aliingizwa kwenye grupu la "kazi ya kulaiki video". Siku ya kwanza alilaiki kumi, ikaingia 3,000 kwenye simu yake. Ni hela kweli, aliitoa kwa wakala. Siku ya pili 3,000 nyingine. Siku ya tatu akaambiwa daraja lake limejaa, atume 50,000 afungue la pili. Akatuma. Ndani ya wiki mbili akaunti yake ilikuwa inaonyesha 214,000. Alipotaka kuitoa akaambiwa kuna kodi ya 30,000, atume kwanza. Akatuma na hiyo. Kesho yake grupu halikuwepo.

Amepoteza 74,000 ukitoa zile 6,000 alizopewa mwanzo. Na zile 6,000 zilikuwa chambo tu. Mtu akishatoa hela ya kweli kwa wakala, moyo wake hauulizi tena. Ile 214,000 nayo haikuwahi kuwa hela, ilikuwa tarakimu ambayo mwenye tovuti ameiandika. Angeweza kuandika milioni.

Alama iliyo wazi kuliko zote ni ile kodi. Makato ya kweli yanakatwa kwenye hela yenyewe, kama wakala anavyokata. Hakuna mtu mwenye 214,000 zako mkononi anayeshindwa kukata 30,000 humo akakupa 184,000.

Jumamosi, 24 Mei. Daftari la viungo

Nimekaa na dada wa viungo saa mbili nzima. Anapata iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wa milimani Amani, bizari ananunua sokoni. Anasaga, anafunga pakiti za gramu 100, anauza 3,500. Mwezi wa nne aliuza pakiti 40, nyingi kwa watu wa Dar es Salaam ambao hajawahi kuwaona.

Nilipomuuliza alipata kiasi gani akajibu haraka: "Laki na arobaini." Kwamba hizo ni hela zilizopita tu mkononi, daftari lilikuwa linajua ila yeye hakuwahi kuliuliza. Tukatoa moja baada ya nyingine. Viungo na kusagisha ni 1,900 kwa pakiti, yaani 76,000. Ikabaki 64,000. Vifungashio na lebo 250 kwa pakiti, 10,000. Ikabaki 54,000. Bando la mwezi 10,000. Mizigo mitatu aliyoilipia mwenyewe kwenye basi, 4,000 kila mmoja, 12,000. Makato ya kutoa hela 3,500. Tuko 28,500. Halafu pakiti tatu alizokopesha, hazijalipwa mpaka leo, 10,500.

Ikabaki 18,000. Hisa tatu na chenji.

Aliishika kalamu akairudia hesabu mwenyewe mara mbili. Mimi nilidhani atakata tamaa, na nikaanza kujiuliza kama nitafute mfano mwingine unaovutia zaidi. Yeye ndiye aliyenizuia: "Usibadilishe. Waambie hiyo hiyo. Mizigo sitalipia tena, na mkopo basi." Mambo hayo mawili peke yake yangempa 22,500 zaidi, afike 40,500, bila kuuza hata pakiti moja ya ziada.

Kuna jambo jingine tuligundua hapo hapo. Anaposti picha stetasi kila asubuhi, lakini wanaoona ni tisa au kumi, wakati wateja aliowahi kuwauzia wanapita 60. Nikaangalia simu yake. Namba nyingi za wateja hakuzihifadhi, na wengi wao nao hawakuihifadhi yake. Stetasi ya WhatsApp haimfikii mtu mpaka kila mmoja awe na namba ya mwenzake kwenye simu. Dawa haina gharama: sasa akimaliza kuuza anahifadhi namba, kisha anatuma ujumbe mmoja, "Nihifadhi kwa jina la Viungo Muheza, nikileta mzigo mpya utaona." Leo ametuma kwa wateja wa zamani 40.

Tumeihamishia biashara kwenye WhatsApp Business, ambayo ni bure na ina sehemu ya katalogi ya kupanga bidhaa na bei. Tulikwama kidogo kwa sababu nilitaka abaki na WhatsApp ya kawaida kwenye simu ile ile. Inawezekana, lakini kila moja inataka namba yake. Ana laini mbili, kwa hiyo imekwisha.

Jambo la mwisho lilikuwa meseji za malipo. Amewahi kupokea meseji ya M-Pesa ya uongo, imeandikwa vizuri kabisa, ila imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Sasa hatumi mzigo kwa kusoma meseji. Anabonyeza mwenyewe:

```
*150*00#
```

anaangalia salio. Salio halijaongezeka, mzigo hauendi, hata mteja aape kwa kitabu gani. Wa mitandao mingine watumie menyu zao, jambo ni lile lile.

Jumamosi, 31 Mei. Siku yenyewe

Wamehudhuria 28, ukiacha mimi na katibu. Hisa zikanunuliwa, marejesho yakasomwa, faini mbili za kuchelewa zikalipwa, nikaitwa.

Sikutumia picha wala projekta. Nilikuja na kilo ya maharage, sufuria, na karatasi moja ya manila. Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu kila aliyeniuliza baadaye ameulizia maharage, hotuba hakuna anayeikumbuka.

Kila mtu nilimpa punje 10. Katibu akakaa katikati na sufuria, tukamwita Kampuni. Ahadi ya Kampuni: weka 10, wiki ijayo chukua 20. Wakaingia wawili wa kwanza, sufuriani zikawa 20. "Wiki imeisha," nikasema, "walipwe." Zinatakiwa 40, zipo 20. Kampuni ikasema ngojeni kidogo, waleteni wenzenu. Wakaingia wawili wengine, zikatimia 40, wale wa kwanza wakalipwa 20 kila mmoja. Wakapiga kelele za furaha, mmoja akaanza kuwaita jirani zake bila mimi kumwambia.

Sufuria sasa tupu, na wawili wa pili wanadai 40. Wakaingia wanne, wakalipwa. Wale wanne wanadai 80. Wakaingia wanane, wakalipwa. Wale wanane wanadai 160, ambazo zinahitaji watu 16. Nikawahesabu waliobaki na punje mkononi. Walikuwa 12.

Wakaingia wote 12. Sufuriani zikawa 120. Hapo katibu, kama tulivyopanga, akasimama, akachukua sufuria, akatoka zake kuelekea barabarani.

Kwanza kicheko. Kisha kimya kikaingia, watu wakitazama viganja vyao. Nikauliza nani ana punje 20. Mikono minane. Nani hana kitu. Mikono 20. Nikaandika kwenye manila: wanane wamepata 10 zaidi kila mmoja, jumla 80. Kampuni imeondoka na 120. Ni 200, na ndizo zile zile 200 za watu 20. Hakuna punje hata moja iliyoota mle sufuriani. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye kundi la mwisho akasema kwa sauti: "Si ndiyo DECI hii?" Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wakaitika. Siku zile watu walipanda "mbegu" wakingoja kuvuna, mpaka serikali ilipousimamisha mchezo.

Yule kijana aliyeomba mkopo wa kwanza akabisha, na akabisha vizuri. Alisema kampuni yake haitegemei watu kuingia, inalipwa na wenye matangazo. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamuuliza ni tangazo la nani aliloliona jana. Hakumbuki. Nikamuuliza tena: mwenye sabuni anayelipia tangazo lake litazamwe, kwa nini akutoze wewe 200,000 ili ulitazame? Redio inakulipisha kusikiliza matangazo? Hakujibu, ila hakukubali pia. Sikumsukuma zaidi mbele ya watu.

Muuza chapati akasimama, akasema yake. Alitumia dakika nne badala ya mbili na hakuna aliyekohoa. Alipofika kwenye ile kodi ya 30,000 alisema, "Nilitoa kwenye hela ya unga." Basi.

Kisha nikasema maneno niliyoyaandika. Nayaweka yalivyo, mwenye kuyataka ayachukue:

"Ndugu wanakikoba, hela ya mtandaoni ipo, na inafanana na hela ya sokoni. Kuna anayetoa kitu na kuna anayekitaka. Mtu akikuletea kazi ya mtandaoni, usimuulize inalipa ngapi. Muulize hela ya kwanza inatoka mfukoni kwa nani kwenda kwa nani. Kama ya kwanza inatoka kwako kwenda kwa anayekupa kazi, hiyo si kazi, wewe ndiye mteja. Muulize tena: mnunuzi wa mwisho ni nani, na ananunua nini? Asipoweza kumtaja, mnunuzi ni yule atakayeingia baada yako."

Dada wa viungo akasoma hesabu yake kwenye manila, kuanzia 140,000 kushuka mpaka 18,000. Nilitazama nyuso. Kwenye 18,000 wengine waliguna, lakini yule mzee anayefuga nyuki aliuliza vifungashio vinanunuliwa wapi. Akina mama wa kitochi wakauliza wao wafanyeje. Jibu lililokubalika lilitoka kwa mweka hazina: mwenye simu janja aposti bidhaa ya mwenye kitochi, wakubaliane 300 kwa kila pakiti inayouzwa, na hela ya mteja iingie kwa mwenye bidhaa moja kwa moja. Mimi hilo sikuliwaza kabisa.

Dakika zote: 41. Faini ya kupitiliza muda sikutozwa, ingawa mshika nidhamu alitishia.

Gharama mpaka leo: maharage 3,000, nakala 60 pamoja na zile zilizopotea 6,000, bando 5,000, bodaboda 4,000, manila na kalamu 1,500. Jumla 19,500. Maharage yaliyobaki yamepikwa.

Jumamosi, 7 Juni. Nimeleta mwizi mwenyewe

Hii inaniuma kuiandika.

Baada ya hotuba nilizungusha karatasi watu waandike majina na namba zao ili nifungue grupu la kusaidiana. Wakaandika 17. Nikaipiga picha karatasi nikaiweka kwenye grupu ili kila mtu ahakikishe namba yake. Na kiungo cha kujiunga nilikiacha wazi, mtu yeyote akitumiwa anaingia. Kufikia Jumatatu grupu lilikuwa na watu 23. Sita siwajui.

Jumatano wanachama watatu wamepigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, anawaita kwa majina yao: "Mama, mimi ni wa grupu la kikoba, tunasajili upya. Utaingia ujumbe wa namba sita, nisomee." Wawili walikata. Mmoja alisoma.

Kinachotokea ni hiki. Mwizi anafungua WhatsApp kwenye simu yake, anaingiza namba yako. WhatsApp inataka kuhakikisha, kwa hiyo inatuma namba sita kwa meseji kwenye laini yako, maana laini iko kwako. Ukimsomea, umemfungulia mlango. Kwako inajifunga, kwake inafunguka kwa jina lako. Ndani ya nusu saa mwizi alikuwa ameshawaandikia ndugu za yule mama aliyesoma: "Nimekwama, nitumie 50,000 jioni narudisha." Kaka yake aliyepo Korogwe alituma 30,000, alichokuwa nacho.

Nilipofika kwake tulifanya hivi. Kwanza tukawapigia ndugu simu ya kawaida, mmoja mmoja, kabla ya kugusa chochote. Kisha tukafungua WhatsApp yake upya kwa namba yake, namba sita mpya zikaja kwenye laini yake, tukaziingiza. Hapo hapo mwizi akatolewa. Kwetu haikuishia hapo, kwa sababu mwizi alikuwa ameshaweka namba ya siri ya pili, na bila hiyo unasubiri siku 7 ndipo uingie. Lakini katika siku hizo 7 mwizi naye hayumo, kwa hiyo hasara imesimama. Namba aliyopigia tumeiripoti kwa 15040.

Marekebisho yangu: picha ya karatasi nimeifuta, grupu nimelivunja. Jipya nimeingiza watu mwenyewe mmoja mmoja na kiungo nimekifuta. Na leo kabla ya hisa hazijanunuliwa nimezunguka kwenye simu zote 17, moja baada ya nyingine, tukaweka ile namba ya siri ya pili ambayo mwizi alituwahi nayo. Njia yake kwenye simu nyingi za hapa inasomeka hivi:

```
Settings > Account > Two-step verification
```

Mwenye simu anachagua tarakimu 6 zake. Wanne walitaka kuweka mwaka wa kuzaliwa na sifuri mbili mwishoni, nikawakatalia. Kazi yote imechukua saa moja na dakika kumi. Hii ndiyo ilitakiwa kufanyika kabla sijasema neno moja kuhusu kuuza mtandaoni. Atakayeiga mradi huu aanze nayo.

Nimewaambia pia kwamba huduma kwa wateja ya mitandao ya simu inapiga kwa namba 100. Mwenye kupiga kwa namba ya kawaida akisema yeye ni wa kampuni ya simu, akatwe.

Nimemchangia yule mama 15,000 kati ya zile 30,000 za kaka yake. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Gharama za mradi sasa ni 34,500.

Jumamosi, 28 Juni. Fomu ya mkopo

Kamati imeongeza mstari mmoja kwenye fomu ya mkopo: "Fedha hii utamlipa nani, na atakupa kitu gani mkononi?" Asiyeweza kuujaza anarudishiwa fomu. Mzee wa nyuki ameujaza: chupa 60 kutoka kwa muuza vifungashio wa Tanga mjini. Amepewa 80,000.

WhatsApp ya yule mama imerudi siku ya 7, kama ilivyosema.

Dada wa viungo ameleta daftari la mwezi wa sita mpaka leo. Pakiti 37, tatu pungufu ya mwezi wa nne. Mizigo yote wamelipia wateja wenyewe, wawili wamegoma na kwenda kununua kwingine. Mkopo hakuna. Stetasi zake sasa zinaonwa na watu 48. Faida 32,500. Alikuja na hesabu ameshaipiga, mimi nikaikagua tu. Nikakuta hajatoa 2,000 za lebo alizochapisha upya baada ya kukosea namba ya simu. Ni 30,500.

Yule kijana wa mkopo wa kwanza hakuja vikao viwili, leo amekuja. Amelipa faini mbili za utoro, amenunua hisa moja, hakusema kitu. Baada ya sanduku kufungwa akanifuata pembeni, akaniuliza kama naweza kumwonyesha ile katalogi inawekwaje. Shemeji yake anashona mashuka. Tumepanga Jumanne.